Maneno Machache Chini ya Picha

Mpwa wetu anayeishi Marekani amefaulu mtihani wa leseni ya uuguzi uitwao NCLEX-RN, baada ya kuanguka mara moja. Alitutumia picha yake pamoja na maneno aliyotaka kuyaandika chini yake: «Mashine ilisimama kwenye swali la 85! Nani kama mimi?» Akauliza: «Mjomba, yanafaa?»

Tulimwomba kwanza atueleze hesabu hiyo. Mtihani hufanyiwa kwenye kompyuta, nayo huchagua kila swali kwa kufuata majibu yaliyotangulia: ukijibu vema, linalofuata huwa gumu zaidi, ukikosa, huwa jepesi zaidi. Maswali hayapungui 85 wala hayazidi 150, na muda ni saa 5. Mara nyingi mashine husimama pale inapokuwa na hakika ya asilimia 95 kwamba mtahiniwa yuko juu ya kiwango, au kwamba yuko chini yake. Kwa hiyo hata anayeshindwa waziwazi aweza kusimamishwa kwenye swali la 85, na aliyefika la 150 akafaulu hupata leseni ileile. Tena anayefaulu haambiwi amepata alama ngapi. Basi namba ile haikuwa sifa ya mtu yeyote.

Aliyeanguka ndiye hupewa karatasi inayoonyesha, sehemu kwa sehemu, kama alikuwa juu ya kiwango, karibu nacho au chini yake. Karatasi ya mpwa wetu ilionyesha kwamba alikuwa chini katika sehemu ya dawa. Ilimpasa kungoja siku zisizopungua 45 kabla ya kurudia. Katika siku hizo muuguzi mwenzake alikuwa akiketi naye baada ya zamu ya usiku, wakipitia dawa moja moja: kazi yake, madhara yake, na dalili ya kumzuia muuguzi asimpe mgonjwa.

Tulipozungumza hayo, akaandika upya mwenyewe:

«Leo nimepata leseni ya uuguzi. Mara ya kwanza nilianguka, kwa kuwa dawa sikuzijua vya kutosha. Namshukuru dada aliyenifundisha akiwa amechoka na kazi ya usiku, na mama aliyenilelea mtoto. Anayengoja kurudia aniandikie. Maswali yenyewe hairuhusiwi kuyatoa, lakini nitamweleza jinsi nilivyojifunza.»

Tuliyaona yanafaa. Kuanguka kumetajwa kwa sentensi moja, bila kufichwa wala kulilia huruma. Shukrani zinaeleza tendo la kila mtu, hata aliyesaidia ajue kwamba kazi yake ilionekana. Na aliyepata habari ya kuanguka juma hilohilo aweza kuyasoma bila kuumia, akakuta humo mahali pa kuuliza.