Kigawo au Kigawe?

Katika shule zetu kuna kiwango kimoja cha daftari zuri la hisabati, nacho kila mtu hukifahamu. Daftari zuri ni lile lenye alama za vema kutoka juu ya ukurasa hadi chini, zoezi baada ya zoezi, sura baada ya sura. Mzazi akiliona hufurahi, na mkaguzi akilifungua hutikisa kichwa kwa kuridhika. Nimeyafungua madaftari ya namna hiyo kwa miaka mingi, nikiwa mwalimu mkuu na baadaye nilipokuwa nafundisha chuo cha ualimu Kasulu na kuwafuata wanachuo waliokuwa kwenye mazoezi ya kufundisha, huko huko Kasulu na hata Kibondo. Katika makala haya nataka kueleza kwa nini daftari hilo aghalabu halisemi kweli, na kwa nini daftari lenye makosa mengi zaidi huenda ni la mtoto aliyejifunza zaidi.

Nitachukua mada moja tu ili tusitawanyike: Kigawo Kikubwa cha Shirika na Kigawe Kidogo cha Shirika, yaani KKS na KDS. Kila aliyepita shule ya msingi anazikumbuka herufi hizo, na wengi wanakumbuka pia jinsi zilivyowachanganya. Kuzikokotoa si tatizo. Mtoto wa darasa la tano hutafuta vigawo tasa vya 48 na vya 60, akavipanga, akapata kuwa KKS yake ni 12 na KDS yake ni 240. Hapo hapati shida. Shida humkuta siku anapokutana na swali la mafumbo ambalo halina kichwa cha habari juu yake.

Tazama maswali haya matano, ambayo nilizoea kuyaandika ubaoni kwa makusudi, yote yakiwa na namba zile zile mbili.

La kwanza: mama ana kilo 48 za maharage na kilo 60 za mahindi. Anataka kuvifunga katika mifuko yenye uzito sawa, bila kuchanganya na bila kubakiza kitu. Mfuko mmoja utakuwa na uzito gani mkubwa kabisa?

La pili: kengele ya shule moja hulia kila baada ya dakika 48, na ya shule jirani kila baada ya dakika 60. Zililia pamoja saa 2:00 asubuhi. Zitalia pamoja tena saa ngapi?

La tatu: shamba la mstatili lina urefu wa mita 60 na upana wa mita 48. Eneo lake ni kiasi gani?

La nne: katika darasa la wanafunzi 60, wanafunzi 48 walifaulu. Hiyo ni asilimia ngapi?

La tano: shamba lile lile la mita 60 kwa 48 linazungushiwa uzio. Nguzo zinasimikwa katika kila pembe na katikati yake kwa nafasi zilizo sawa, na mwenye shamba anataka nafasi iwe kubwa iwezekanavyo. Zitahitajika nguzo ngapi?

Majibu ni haya: kilo 12, saa 6:00 mchana, kwa kuwa dakika 240 ni saa nne, mita za mraba 2,880, asilimia 80, na nguzo 18. Hili la mwisho linahitaji mambo mawili, KKS ambayo ni 12, kisha mzingo ambao ni mita 216, na 216 ikigawanywa kwa 12 ndipo tunapata 18.

Sasa msomaji atambue jambo moja. Namba haziwezi kumwambia mtoto afanye nini, maana ni zile zile. Lazima asome. Lazima ajiulize: je, nakata kitu kikubwa katika vipande vilivyo sawa, au nangojea mambo mawili yakutane mbele ya safari? Nikikata, jibu haliwezi kuzidi kile nilicho nacho, kwa hiyo ni kigawo. Nikingojea, jibu haliwezi kuwa dogo kuliko vipindi vyenyewe, kwa hiyo ni kigawe. Uamuzi huo ndio hisabati yenyewe. Kazi inayofuata ni hesabu tu.

Lakini mtoto anapofanya maswali kumi na mawili mfululizo chini ya kichwa kisemacho “Kigawe Kidogo cha Shirika”, uamuzi huo ameshafanyiwa na kitabu. Kuna kipimo rahisi cha kuthibitisha hili. Chukua ukurasa wa zoezi kama hilo, ufunike maneno yote, uache namba peke yake zikionekana, kisha umpe mtoto. Akiweza kupata majibu bila kusoma hata neno moja, basi zoezi lile lilikuwa linamfundisha mkono wake, halikuwa linamfundisha kuchagua. Nimewaambia wanachuo wengi wajaribu kipimo hiki kwa kitabu chochote wanachotumia, na wakirudi hurudi kimya.

Nyanda zetu za juu ni nchi ya maharage, basi niseme kwa mfano wa maharage. Mtoto anayewekewa magunia matatu, kila gunia aina yake, anaweza kupanda siku nzima asijue aina moja inatofautianaje na nyingine. Yule anayekalishwa mbele ya ungo wenye mbegu zilizochanganyika na kuambiwa achambue ndiye atakayezijua. Atachelewa, atakosea, atalalamika macho yanamuuma. Lakini jicho lake linafunzwa tofauti, na tofauti haionekani mpaka vitu vikae pamoja.

Wataalamu wa elimu-nafsia wamelipima jambo hili. Mwaka 2007 Doug Rohrer na Kelli Taylor wa Chuo Kikuu cha Florida Kusini, Marekani, walichapisha jaribio lao kwa wanafunzi wa chuo waliofundishwa kutafuta ujazo wa maumbo manne yasiyo ya kawaida. Kundi moja lilifanya maswali ya umbo moja hadi likamaliza, ndipo likaenda umbo jingine. Kundi la pili lilifanya maswali yale yale yakiwa yamechanganywa. Wakati wa mazoezi, kundi la kwanza lilipata asilimia 89 na la pili asilimia 60. Mwalimu yeyote angesema kundi la kwanza limeelewa. Wiki moja baadaye walipewa mtihani. Kundi la kwanza likapata asilimia 20, na lile lililochanganya likapata asilimia 63. Mwaka 2020 Rohrer na wenzake walitoa matokeo ya jaribio kubwa zaidi, katika madarasa 54 ya darasa la saba huko Florida. Mwezi mmoja baada ya mazoezi, waliochanganya walipata asilimia 61 na wasiochanganya asilimia 38.

Naomba msomaji aziangalie tena zile 89 na 60, kwa sababu hapo ndipo palipo na tatizo la mwalimu. Njia iliyo bora ilionekana mbovu wakati wote ilipokuwa inatumika.

Namkumbuka mwanachuo mmoja, msichana mwenye bidii, aliyekuwa akifundisha katika shule moja upande wa Kibondo. Alikuwa amechanganya maswali kwa wiki moja. Nilipofika alinisalimu “Shikamoo Mwalimu”, na kabla sijakaa akasema, “Mwalimu, hawa watoto walikuwa wanajua. Nadhani nimewaharibu.” Akanionyesha madaftari, na kwa kweli yalikuwa yamejaa makosa. Nilimwomba achukue kalamu ya rangi, tuyapange makosa yale mafungu mawili. Fungu la kwanza, mtoto alichagua njia sahihi akakosea hesabu. Fungu la pili, alichagua njia isiyo sahihi, hata kama hesabu yake ilikuwa safi. Karibu makosa yote yaliangukia fungu la pili. “Basi, mwanangu,” nikamwambia, “hukuwaharibu. Hawa hawakuwahi kujua kuchagua, ila hakuna aliyewauliza.”

Ugumu wa maswali mchanganyiko una sababu mbili. Ya kwanza ni hiyo ya kuchagua. Ya pili ni kwamba mtoto, baada ya kufanya eneo na asilimia, anaporudi kwenye kigawe hukuta njia imekwisha kumtoka akilini, naye lazima aitafute tena. Katika zoezi la sura moja njia ingali mezani mbele yake, imetumika dakika mbili zilizopita. Kuitafuta upya kunachosha, lakini kila inapotafutwa ikapatikana hukaa vizuri zaidi. Kwa sababu maswali ya aina moja sasa yametawanywa katika siku nyingi, sehemu ya faida inatokana na huko kutawanya, si kuchanganya peke yake.

Njia hii ina mipaka yake. Mada ikiwa mpya kabisa, usichanganye siku ya kwanza. Mtoto asiyejua bado kutafuta KDS hawezi kuchagua kati ya KDS na kitu kingine, naye atabaki kubahatisha. Mpe maswali matatu au manne ya aina moja, hadi mkono uzoee. Pili, changanya vitu vinavyofanana na kukanganya: kigawo na kigawe, mzingo na eneo, faida na riba. Kuchanganya kigawe na kusoma jedwali hakumfundishi tofauti yoyote, maana hakuna anayevifananisha. Tatu, majibu lazima yasahihishwe mapema na sababu ielezwe, kwani mtoto aliyechagua vibaya asiposahihishwa hujifunza vibaya. Nne, kazi hii inakula muda, na mwalimu wa darasa la wanafunzi themanini lazima aijue gharama hiyo kabla hajaanza.

Haihitaji kitabu kipya. Zoezi la kitabu likiwa na maswali kumi na mawili, yafanywe manne leo. Manane yanayobaki yawekwe akiba, na katika kila kazi ya wiki zinazofuata yatolewe mawili, yakikaa pamoja na ya mada nyingine. Idadi ya maswali ni ile ile. Kilichobadilika ni mpangilio tu. Kisha mwalimu adai jambo moja zaidi: kabla mtoto hajakokotoa, aandike pembeni neno moja la njia aliyochagua, “kigawo”, “kigawe”, “eneo”. Neno hilo lisahihishwe peke yake, na hesabu isahihishwe peke yake.

Mzazi akiuliza kwa nini daftari la mwanawe limepungua alama za vema, aonyeshwe safu ile ya pembeni ya wiki ya kwanza na ya wiki ya sita. Mtihani wa kumaliza elimu ya msingi hauji na vichwa vya sura, na safu hiyo ndiyo itakayomwambia kama mtoto yuko tayari.