Rangi ya Makohozi Yangu

Mimi ni mwalimu mstaafu wa baiolojia, mzaliwa wa milima ya Usambara, na mapafu yangu yameharibika ingawa sijawahi kuvuta sigara. Nilikulia katika jiko la mama yangu, mafiga matatu ndani ya chumba kisicho na dirisha, kuni mbichi zikifuka kutwa nzima. Ujanani niliugua kifua kikuu. Nilitibiwa nikapona, ila makovu yalibaki. Nilipopulizishwa spirometa baada ya kustaafu, nikaambiwa nina ugonjwa sugu wa kuziba kwa njia za hewa, ule ambao watu hudhani ni wa wavuta sigara peke yao. Siku za kawaida nakohoa kidogo, natema makohozi meupe yapata kijiko kimoja cha chai, na mlima wa kwenda sokoni naupanda nikipumzika njiani. Hali hiyo ya kawaida naitaja mapema kwa makusudi, maana kila uamuzi nitakaoueleza unapimwa kwayo.

Baridi ya Juni na Julai ikiingia, ugonjwa huchachamaa. Kikohozi huzidi, kifua hubana, usiku nalala nimeegemea mito. Kwetu dawa ya hali hiyo ilikuwa inajulikana. Mtoto anatumwa duka la dawa kuleta vidonge vya rangi mbili, na hakuna aliyeuliza swali. Wakati mwingine nilipata nafuu, wakati mwingine niliambulia kuharisha na vidonda vyeupe mdomoni. Nilipopata nafuu, vidonge ndivyo vilivyosifiwa.

Mabadiliko yalianza kwa swali la daktari kijana katika hospitali ya wilaya. Alinisalimu, akanisikiliza kifua mbele na nyuma, kisha akasema, "Mwalimu, makohozi yako ya siku zote yana rangi gani?" Nikamwambia meupe. "Na ya leo?" Hapo nikanyamaza. Sisi hutema kwenye kitambaa tukakikunja upesi, hasa mbele ya watu. Nani anakaa kuyatazama? Akanipa kikopo cha plastiki angavu, akanipeleka dirishani penye mwanga wa jua, akasema nikohoe kwa kutoka ndani, si mate. Tukatazama pamoja. Yalikuwa meupe, mazito kidogo, yana mapovu.

Akanieleza kwamba kuna mambo matatu ya kujiuliza. Je, nahema kuliko kawaida yangu? Je, makohozi yamekuwa mengi kuliko kawaida? Je, rangi imegeuka kuwa ya njano nzito au kijani, yaani yamekuwa usaha? Yote matatu yakiwapo, antibiotiki ina kazi ya kufanya. Yakiwa mawili, rangi lazima iwe mojawapo. Kuhema peke yake, hata kukiwa kukali, ni sababu ya kufungua njia za hewa na kumwona daktari haraka, lakini hakutoshi kuwa sababu ya antibiotiki. Mgonjwa anayelazimika kupumulia mashine yuko nje ya hesabu hii; huyo hupewa.

Mwalimu hawezi kuambiwa kanuni asiulize imetoka wapi. Akanitajia utafiti wa Winnipeg, Kanada, uliochapishwa mwaka 1987 na Anthonisen na wenzake. Kila wagonjwa wao walipochachamaliwa, baadhi walipewa antibiotiki na wengine vidonge visivyo na dawa. Waliopata dawa walifanikiwa mara 68 katika kila 100, na waliopata vidonge vitupu mara 55. Msomaji aikazie macho hiyo 55, maana zaidi ya nusu walipata nafuu bila antibiotiki yoyote. Hapo nikaelewa sifa zote zile tulizovipa vidonge vya rangi mbili. Faida ya dawa ilionekana zaidi kwa wenye dalili zote tatu, na kwa wenye dalili moja tofauti ilikuwa ndogo sana.

Kuhusu rangi, kuna utafiti wa Stockley na wenzake wa Birmingham, Uingereza, wa mwaka 2000. Makohozi yenye usaha yalipooteshwa maabara, bakteria walionekana katika mara 84 kwa kila 100. Makohozi meupe, mara 38. Wenye makohozi meupe hawakupewa antibiotiki, na karibu wote walipona. Hata hiyo 38 isimtishe mtu, kwa kuwa mapafu yaliyochakaa kama yangu huweza kuishi na bakteria wachache bila vita.

Sehemu iliyonifurahisha ni sababu ya ukijani wenyewe. Bakteria hao si wa kijani. Rangi inatoka kwa askari wetu, chembe nyeupe za damu zinazoitwa nyutrofili, ambazo hubeba kimeng'enya chenye chuma na rangi ya kijani. Zikimiminika kwa maelfu kwenye njia ya hewa na kupasuka, makohozi hugeuka njano, kisha kijani. Kwa hiyo rangi inapima ukali wa mapigano, na bakteria ndio huwaita askari wengi kuliko moshi au baridi. Mafua ya virusi nayo yanaweza kuyapaka rangi kidogo, ndiyo maana rangi husomwa pamoja na yale maswali mengine mawili.

Siku ile ya makohozi meupe nilirudi nyumbani bila antibiotiki, nikiwa na wasiwasi na mume wangu akiwa na hasira. Nilipewa prednisoloni miligramu 40 kwa siku kwa siku 5, ambayo kwa vidonge vya miligramu 5 ni vidonge vinane asubuhi baada ya kula, na bomba la salbutamoli la kuvuta kupitia chupa tupu ya maji ya nusu lita iliyotobolewa kitako. Mdomo wa bomba unaingia kwenye tundu, unabonyeza mara moja, unavuta taratibu mara kadhaa, ndipo unabonyeza tena. Kabla ya kunipa prednisoloni, kwa sababu ya historia yangu, daktari alipeleka makohozi maabara kuhakikisha kifua kikuu hakijarudi, akapima na sukari, maana dawa ile huipandisha. Siku ya tatu nilikuwa nalala bila kuegemea mito, na makohozi yalibaki meupe hadi mwisho.

Baridi iliyofuata mambo yalikuja kwa sura nyingine. Kijiko cha chai kikawa robo kikombe, rangi ikawa kijani kama ya parachichi, na kutoka chumbani hadi jikoni nilisimama kushika ukuta. Dalili zote tatu. Niliyatazama kwanza nilipoamka, lakini hukumu sikuitoa hapo, kwa sababu makohozi yaliyolala kifuani usiku kucha huwa na rangi iliyokoza kuliko ya mchana. Nikatazama tena yaliyotoka baada ya chai, mabichi, kwenye kikopo, dirishani. Yalikuwa kijani vilevile. Nilikwenda hospitali nikiwa na kikopo kimefunikwa, kwa kuwa madaktari wana sababu ya kutoamini rangi ya kusimuliwa. Mtu mmoja huita njano kile ambacho mwingine huita kijani. Safari hii daktari aliongeza amoksilini miligramu 500 mara tatu kwa siku kwa siku 5. Mwenye mzio wa penisilini hupewa nyingine, kwa mfano doksisaiklini. Aliniambia nisitarajie kikohozi kiishe ndani ya siku hizo. Nitazame kama pumzi inarefuka na rangi inafifia ndani ya siku mbili tatu, na isipokuwa hivyo nirudi, nisibadilishe dawa dukani. Rangi ilianza kufifia siku ya pili, kutoka kijani kwenda njano, na kutoka njano kwenda maziwa.

Lakini homa je? Hilo ndilo jambo ninalobishana nalo zaidi na majirani, maana kwetu homa ndiyo hupiga kengele ya antibiotiki. Katika yale maswali matatu makuu homa haimo. Anthonisen aliiweka pembeni, katika dalili ndogo pamoja na mafua ya siku za karibuni na kifua kupiga filimbi. Mtu anaweza kuchachamaliwa na bakteria, makohozi kijani kabisa, mwili usipande joto. Homa ikija, na hasa ikiwa kali, inauliza swali jingine: je, ugonjwa umetoka kwenye mirija na kuingia kwenye nyama ya mapafu, yaani nimonia? Au ni malaria, niliyopanda nayo kutoka Korogwe nilikokwenda msibani?

Lilinipata hilo pia. Joto lilikuwa 39, nilitetemeka, na upande wa kulia chini ya mbavu kulichoma kila nilipovuta pumzi. Makohozi yalikuwa machache, ya njano hafifu. Kwa kanuni ya rangi peke yake ningebaki nyumbani. Mume wangu, ambaye sasa ni mtaalamu wa kikopo kuliko mimi, ndiye aliyesema, "Hii siyo ile yetu." Kipimo cha haraka cha malaria hakikuonyesha kitu, picha ya kifua ilionyesha kiwingu cheupe chini kulia. Nililazwa kwa nimonia, nikapewa dawa za sindano na oksijeni. Muuguzi alikuwa akipunguza oksijeni kila kipimo cha kidoleni kilipopita 92, na ndugu zangu wakamlalamikia kwamba ananibania hewa. Kumbe kwa wagonjwa wa aina yangu hulengwa 88 hadi 92, kwa sababu oksijeni ikizidi, hewa chafu huweza kujaa mwilini hadi mtu akasinzia na kupoteza fahamu.

Tangu hapo nyumbani tumegawana kazi. Mimi natazama kikopo. Mume wangu anasikiliza kama namaliza sentensi bila kukatika, anatazama midomo kama imekuwa ya buluu, na anaangalia kama nasinzia ovyo au naongea yasiyoeleweka. Akiona mojawapo ya hayo tunatafuta gari, rangi iwe yoyote. Kipimajoto kiko kwenye droo, na kikisoma 38 na zaidi tunakwenda kupigwa picha badala ya kuhesabu dalili.

Dada wa duka la dawa hapendi sana mazungumzo yangu. Juzi nilimkuta pale mzee mmoja jirani yetu, mvuta sigara wa miaka mingi, akitaka vidonge. Nikamwuliza rangi. Akasema ni kama kutu, mara nyingine kuna michirizi ya damu, na shati limeanza kumpwaya. Nikamwambia, "Babu, hiyo haimo kwenye kikopo changu." Siku iliyofuata mwanawe alimpakia bodaboda hadi hospitali kupeleka makohozi ya kipimo cha kifua kikuu na kupigwa picha. Majibu bado tunayasubiri.