Faili Yangu Ilipanda, ya Nani Ilishuka?

Leo nina neno gumu, na linaanza na mimi mwenyewe.

Muhula uliopita shule ilitaka cheti cha kuzaliwa cha mtoto wetu ili wamsajili kwa mtihani. Nilienda ofisini, sitaitaja ni gani, nikapanga laini kutoka alfajiri. Saa nane nikaambiwa sistimu iko chini, nirudi wiki ijayo. Nikarudi. Faili haionekani. Nje kwa lango, kijana mmoja, broka, akanisogelea kwa heshima zote: "Pasta, hii kitu ni ya elfu moja mia tano tu." Nilituma kwa simu yake nikiwa nimesimama palepale. Siku ya pili cheti kilikuwa mkononi mwangu. Nilimshukuru Mungu kwa kibali. Ndiyo, nilitumia hilo neno, kibali.

Ijumaa ya wiki hiyo tulikuwa na kesha. Wakati wa maombi, mama mmoja wetu anayeuza mboga pale Kawangware akaja mbele. Anamlea mjukuu wake. Alikuwa ameenda mara tatu kufuatilia cheti cha huyo mtoto, kila mara akifunga kibanda siku nzima, na siku ya mwisho ya usajili ilikuwa imekaribia. Akataja ofisi. Ni ileile. Akataja siku. Ni ileile niliyochukua changu. Nikamwekea mikono nikakemea roho ya vizuizi. Wapendwa, kizuizi kilikuwa kimeshika maikrofoni.

Acheni niwaeleze hii kitu inavyofanya kazi, kwa sababu wengi wetu husema, "Mimi sijamwibia mtu, nimeharakisha tu." Tuseme karani anaweza kumaliza faili 40 kwa siku. Broka akimtumia majina 12 kwa simu, hizo 12 zinatoka kwanza. Karani hakuongeza mkono wa tatu, na siku haikuongezwa masaa. Waliopanga laini wamebaki na nafasi 28. Wale 12 waliosukumwa wanarudi kesho, wanakuta wengine 12 washapita mbele yao. Laini inakuwa ndefu, na ikiwa ndefu, watu wengi zaidi wanamtafuta broka. Ndiyo maana sistimu "iko chini" na kwa wengine iko juu. Karani akifanya kazi haraka kwa wote, nani atamlipa? Pesa yangu haikununua haraka. Ilinunua polepole ya yule mama.

Amosi aliliona hili. Soma Amosi 5:12. Anataja wapokea rushwa na maskini wanaosukumwa langoni. Lango la mji siku hizo ndipo wazee waliketi kuamua mambo ya watu. Boazi alienda hapohapo kumalizia habari ya Ruthu, mbele ya wazee kumi. Lango ndiyo ofisi yetu ya leo. Halafu soma 1 Samweli 8. Tunapenda kuhubiri kwamba Israeli walitaka mfalme kwa sababu ya uasi. Ni kweli, lakini angalia wazee walianza na lalamiko gani: wana wa Samweli, Yoeli na Abiya, walikuwa waamuzi kule Beer-sheba na walikula rushwa. Watu wakachoka na waamuzi wote. Vijana wawili wa mtumishi wa Mungu!

Na sheria yetu pia haimwachi mtoaji. Sheria ya Hongo ya 2016 inamhesabu anayetoa kuwa mkosaji kama anayepokea, na kifungo kinaweza kufika miaka kumi. Kama huna uhakika unalipa ada au chai, angalia simu yako. Ada ya serikali kwa eCitizen inaingia paybill 222222 na unapata risiti. Ile yangu ilileta ujumbe wenye jina la kijana wa watu. Ukidaiwa, EACC wana nambari ya bure, 1551. Sisemi ukipiga faili itatoka kesho. Inaweza hata kukaa zaidi, na shule haingoji. Najua hilo, ndiyo maana nilituma ile pesa.

Jumapili baada ya ibada nilimwita yule mama, mke wangu akiwepo, nikamwambia yote. Alinyamaza kwa muda. Nikamrudishia nauli ya safari zake tatu na kitu cha zile siku alizofunga kibanda. Alikataa, kisha akachukua. Akaniuliza, "Na wale wengine tuliokuwa nao kwa laini, Pasta? Kulikuwa na mama na mtoto mgongoni." Sikuwa na jibu. Sijui hata majina yao.

Cheti cha mjukuu kilitoka baadaye, usajili ulikuwa umebakisha siku mbili.

Kitinda mimba wetu bado hana chake. Jumanne naenda kupanga laini, pamoja na huyo mama, ana mjukuu mwingine. Kama kuna mwingine wa Satellite au Riruta anayeenda ofisi hiyo, tukutane stejini saa kumi na moja alfajiri. Bebeni chai ya chupa.

Pasta wenu.