Sema ni Dakika Gani: Namna ya Kumrudishia Fundi Picha za Kwaya

Siku hizi ni kwaya chache zinazotosheka na kurekodi sauti tu. Kila kwaya yataka na picha zake zionekane. Fundi huja na kamera, hupiga picha siku moja au mbili, kisha hukaa siku nyingi mbele ya kompyuta akikata na kuunga. Basi, taabu kubwa haimo katika kupiga picha. Taabu huanza siku ile fundi anapoleta kazi na kusema, "Tazameni, mniambie cha kurekebisha."

Kwa kuwa mimi ni karani, kwaya moja ya hapa Kitandililo ilinipa kazi ya kupokea maneno ya wanakwaya na kuyafikisha kwa fundi aliyeko Makambako. Fedha iliyolipwa ilitokana na viazi vya shamba la kwaya, tena haikuwa na nyongeza. Mapatano yaliandikwa hivi: fundi atarekebisha mara tatu, mara ya nne hulipiwa upya. Nitakueleza jinsi tulivyofanya, maana najua kwaya ambazo picha zao zilirudi kwa fundi hata mwaka ukaisha.

Sababu ya kazi kutokwisha ni rahisi kuiona. Mmoja anapiga simu asubuhi, mwingine anatuma ujumbe jioni, wa tatu anakutana na fundi stendi. Mmoja asema, "Pale mwanzo pabaya." Mwingine asema, "Yule mama asogezwe." Mwanzo upi, na mama yupi? Fundi anakisia, anarekebisha palipokuwa pazuri, na watu wananung'unika upya. Dawa yake ni kwamba kila neno liende na muda wake, na maneno yote yaende kwa mkono mmoja, kwa siku moja.

Habari ya muda yataka maelezo kidogo. Mwambie fundi akuletee nakala ya kutazamia yenye namba zinazotembea pembeni mwa picha. Programu kubwa za kuhariri zaweza kuchapa namba hizo juu ya picha yenyewe. Huandikwa kwa mafungu manne, kwa mfano 00:02:41:10, yaani saa, dakika, sekunde, na fungu la mwisho ni fremu. Video ni picha tuli nyingi zinazopita upesi, na kila moja huitwa fremu. Fundi wetu alitumia fremu 25 kwa sekunde, mpango ule ule uliotumiwa na Televisheni ya Zanzibar ilipoanza. Usitegemee saa ya simu, maana simu nyingi huonyesha dakika na sekunde tu. Namba iliyochapwa juu ya picha ni moja kwa kila mtu, atazame kwenye simu au kwenye kompyuta.

Tulitazama pamoja katika chumba kimoja, si kila mtu kwake. Mara ya kwanza tulitazama wimbo wote bila kusimamisha wala kuandika, ili watu wauone mzima. Mara ya pili mtu alipoona jambo alisema, "Hapo!" Lakini mtu husema "hapo" baada ya jambo kupita, pengine sekunde mbili au tatu. Kwa hiyo sharti kurudisha nyuma kidogo, kusimamisha, na kumwuliza, "Ni hapa?" ndipo uandike namba. Jambo linaloendelea huandikiwa mwanzo na mwisho wake.

Tena niliandika tatizo, sikuandika dawa. Mtu akisema, "Kata hapo," mwulize ameona nini. Kumbe alitaka kusema kwamba maua yamemfunika mwalimu wa kwaya. Ukimwandikia fundi "kata", atakata, na mwalimu hataonekana kabisa. Ukimwandikia "maua yamemfunika mwalimu", atatafuta picha nyingine ambamo mwalimu yu wazi.

Watu kumi na mmoja walitoa maneno 26. Nilipokaa kuyapanga, 12 yalihusu mambo matatu tu, yaliyorudiwa kwa vinywa mbalimbali. Matano yalihusu sauti ya wimbo, kwamba besi haisikiki na mengineyo. Hayo niliyaweka kando, kwa sababu sauti ilikwisha kukubaliwa na kutiwa sahihi kabla ya picha kuungwa. Kufungua sauti ni hatari, maana wimbo ukiongezeka hata sekunde nne katikati, picha zote zinazofuata huacha kwenda na midomo. Matatu yalitaka kupigwa picha mpya. Hayo si marekebisho, ni kazi nyingine. Yakabaki sita yaliyosimama peke yake. Matatu na sita ni tisa. Fundi alipata mistari tisa badala ya maneno 26.

Mistari yenyewe ilikuwa kama hii:

Toleo la 1, 00:00 hadi 00:20. Milima kabla ya wimbo inachosha. Ipunguzwe, ibaki sekunde 12.

Toleo la 1, 00:38. Imeandikwa "Kitandilo", iwe "Kitandililo".

Toleo la 1, 01:15 hadi 01:22. Midomo ya sauti ya tatu inachelewa nyuma ya wimbo.

Toleo la 1, 02:41 hadi 02:46. Marehemu abaki kama alivyo. Pasiguswe.

Mstari huu wa mwisho ndio uliotuchukua muda mrefu kuliko yote. Mama mmoja wa sauti ya pili alifariki baada ya picha kupigwa. Katika sekunde hizo tano anaonekana karibu, akiimba na kutabasamu. Baadhi ya wanakwaya walisema aondolewe, kwa kuwa watoto wake wataumia wakimwona. Wengine walitaka aongezwe, na jina lake liandikwe na msalaba. Kama ningepeleka maneno yote mawili, fundi angemwondoa katika toleo la pili, angemrudisha katika la tatu, na kila mara kungekuwa na machozi. Fundi si mwamuzi wa jambo kama hilo. Mwenyekiti wa kwaya alikwenda nyumbani kwa wafiwa, akawaonyesha sekunde zile tano. Mume wake akaomba zirudiwe mara mbili, kisha akasema, "Aacheni hivyo hivyo. Alikuwa anaimba, basi aimbe." Ndipo nikaandika mstari mmoja. Basi, maneno mawili yanayopingana yamalizwe nyumbani kabla karatasi haijatoka.

Sasa angalia neno "Toleo la 1" lililotangulia kila mstari. Halikuwekwa kwa urembo. Fundi alipopunguza sekunde nane za mwanzo, kila kitu kilichofuata kilisogea mbele sekunde nane. Marehemu aliyekuwa 02:41 sasa yuko 02:33, na maandishi ya 00:38 yako 00:30. Mtu akikuletea neno la "02:41" bila kutaja toleo, humjui anasema picha gani. Ndiyo sababu fundi mwenye akili huanza marekebisho mwisho wa wimbo akirudi mwanzoni, ili namba za mbele zisiharibike kabla hajazifikia. Na ndiyo sababu toleo jipya likija, la zamani lifutwe katika simu zote. Ukiona neno lisilolingana na picha, kwanza ondoa ile tofauti ya sekunde. Likilingana baada ya hapo, mtu huyo alitazama nakala ya zamani.

Habari ya midomo nayo ina namna yake. Waimbaji huimba wakifuatisha sauti iliyokwisha kurekodiwa, inayopigwa kwa spika. Kama midomo inachelewa sawasawa katika kipande chote, fundi huvuta kipande hicho mbele fremu chache, na mambo yakawa sawa. Lakini kama linakosana neno moja tu na mengine yanakwenda vizuri, basi mwimbaji alikosea neno, na kuvuta hakutasaidia, kipande kibadilishwe. Ukimwambia fundi ni lipi kati ya hayo mawili, umemwokolea muda mwingi.

Toleo la pili lilipokuja kwa fleshi, hatukuanza kutafuta mapya. Tulishika karatasi ya kwanza tukaulizana mstari kwa mstari: limefanyika au halikufanyika? Yote tisa yalikuwa yameshughulikiwa, lakini tulipata mawili yaliyozaliwa na marekebisho yenyewe. Jina la Kitandililo lilikuwa sahihi, ila lilipita kabla ya mtu kulisoma. Maandishi yafaa yakae hata msomaji aweze kuyasoma polepole mara mbili. Na pale kipande cha sauti ya tatu kilipovutwa mbele, mwishoni pake palibaki pengo la fremu moja nyeusi. Ni sehemu moja ya 25 ya sekunde, jicho huona kama kupepesa tu. Tulikwenda fremu kwa fremu mpaka namba ikasimama 00:01:14:06, nikaandika hivyo. Hapo ndipo fungu la nne la namba linapofanya kazi yake.

Mzee mmoja wa kamati, ambaye mara ya kwanza hakuwepo, alitaka waongezwe watoto wa shule. Nilimsikiliza kwa heshima, nikaliandika neno lake katika ukurasa wa kazi nyingine, sikulipeleka. Kanuni yetu ilikuwa kwamba kilichokubaliwa katika toleo la kwanza hakifunguliwi katika la pili, isipokuwa kimeguswa na fundi. Hata hivyo kanuni hiyo ni ya haki tu ikiwa mwenye neno la mwisho alitazama toleo la kwanza. Kama ni paroko, au ni mwenyekiti, asubiriwe hata wiki moja. Kumwonyesha mwishoni ndiko kunakorudisha kazi yote mwanzo.

Mistari yetu ilikuwa tisa, kisha miwili, kisha hakuna. Mwenyekiti akatia sahihi toleo la tatu. Hesabu hiyo ndiyo kipimo. Mistari ikiongezeka katika mzunguko wa pili badala ya kupungua, simama, usipeleke karatasi. Ama mwenye neno la mwisho amebadilika, ama watu hawakupendezwa na kazi nzima, nao wanalisema kwa vipande vipande. Malalamiko ya namna hiyo hayana dakika wala sekunde. Mtu akisema, "Haina uhai," usimlazimishe atoe namba. Nendeni mkaketi na fundi, mzungumze kwa kinywa juu ya wimbo mzima, kabla hata ya mstari mmoja wa marekebisho kuandikwa.