Alama Nilizowakata Bure

Kabla ya kila mtihani wa Kiingereza niliwapa wanafunzi wangu kanuni moja ya maswali ya kujaza nafasi: ukiona saa kwenye sentensi ya kesho, jaza wakati uliopo wa kawaida, usiguse "-ing". Niliipenda kwa sababu ilinirahisishia kusahihisha. Ilikuwa ya uongo, na kwa hiyo hiyo niliwakata alama watoto walioandika sawa.

Niliitoa kwenye mfano ambao walimu wengi tunao: "The ferry ____ (leave) at 7 a.m. tomorrow." Jibu ni "leaves". Nikadhani kilicholeta jibu hilo ni ile saa, kumbe ni ratiba. Boti imepangiwa kuondoka saa moja asubuhi, na itaondoka upande usipande. Mimi nikaishika saa, nikatunga swali jingine: "I ____ (meet) my uncle at 4 p.m. tomorrow." Kwenye majibu yangu nikaandika "meet". Walioandika "am meeting" wote niliwapa kosa. Binti mmoja akaniletea daftari, akauliza, "Mwalimu, kwani mjomba naye ana ratiba?" Darasa likacheka. Nikamwambia akakae.

Alikuwa amelielewa swali kuliko mimi. Miadi na mjomba ni makubaliano ya watu wawili. Mmoja akipiga simu jioni hii, inahama. Mpango wa namna hiyo Kiingereza huusema kwa "am meeting", saa iwepo isiwepo.

Nilipozinduka sikutulia, nikarukia kanuni nyingine mbovu: mtenda akiwa mtu, weka "-ing", akiwa chombo, usiweke. Ikanifaa mpaka tulipokutana na kifungu cha watalii: "According to the programme, we ____ (arrive) in Mombasa at 3 p.m." Watenda ni watu, lakini jibu linalofaa ni "arrive", maana wanasoma safari iliyokwisha kupangwa kwenye karatasi.

Siku hizi nawaambia waiache saa kwanza, waangalie mpango umetoka wapi. Mara nyingi ushahidi uko nje ya ile nafasi. "According to the programme" inaelekeza kwenye ratiba. Sentensi iliyotangulia ikisema "I phoned him last night", hiyo ni miadi.

Na kuna maswali yasiyo na ushahidi wowote, ambayo nami nimeyatunga mengi. "I ____ (start) my new job on Monday" inapokea "start" na inapokea "am starting": tarehe iko kwenye mkataba, na mfanyakazi mwenyewe amekubali kuanza. Miaka yote nilikubali jibu moja tu, tena kwa kalamu nyekundu bila kusita. Sasa swali kama hilo naliongezea sentensi ya kuliongoza, na nikisahau kuiongeza, majibu yote mawili yanapata alama.