Mbegu ya Maharage Huchaguliwa Ikingali Shambani

Sisi tuliozaliwa katika Nyanda za Juu za Kusini kabla ya Uhuru tulilima maharage wakati duka la mbegu halikuwapo. Kijana wa Mbozi wa leo akipungukiwa na mbegu hupanda bodaboda, akarudi na mfuko uliofungwa kiwandani. Kwetu sisi, aliyepungukiwa alibisha hodi kwa jirani, naye jirani alimpimia bakuli moja huku akijua kwamba mwakani litarudi bakuli na ziada. Kwa hiyo kila nyumba ilikuwa na maharage ya kula na maharage ya kupanda, na mtoto hakuthubutu kugusa kibuyu cha mbegu hata siku ya njaa. Tulipohamishiwa vijijini mwaka 1974, wako miongoni mwetu walioacha milango na mabati nyuma, lakini vibuyu vile vilibebwa kichwani. Msimu huu nimeona vijana wetu wamepata kablanketi nzuri, na wengi wameniuliza waitunzeje. Nawaeleza tulivyofanya sisi, na pale ambapo elimu ya sasa imetuzidi, nitaifuata elimu ya sasa.

La kwanza ni kujua mbegu itoke katika mavuno yapi. Maharage yanayopandwa mvua za kwanza za Novemba au Desemba hukomaa Februari na Machi, mvua ikingali inanyesha. Maganda hulowa, punje hubadilika rangi, na ukungu huingia ndani yake. Hayo tuliyala au tukayauza. Mbegu tuliitafuta katika yale ya Machi, ambayo hukomaa Juni wakati anga ni kavu na baridi ya milimani imeshika. Naona siku hizi vijana wengi huchota mbegu katika gunia lolote lililobaki ghalani. Gunia halikuonyeshi mmea uliozaa punje ile, na ugonjwa wa mmea mara nyingi hauonekani kwenye punje.

Ndiyo maana mama zetu walichagua mbegu shamba likingali kijani. Tuchukue mfano wa kijana anayetaka kupanda nusu ekari mwakani. Akipanda punje moja moja kwa sentimita 50 baina ya mistari na 10 baina ya mashimo, atahitaji punje karibu 40,000. Punje 100 za kablanketi zina uzito wa takriban gramu 40, kwa hiyo mahitaji yake ni kilo 16. Atunze 20, apate na za kurudishia. Kipande cha mita 20 kwa 20, katikati ya shamba ambako mimea imestawi, kitamtosha hata baada ya kuchambua. Akiwekee vijiti pembeni, kisha akipitie mara tatu: mimea ikiwa michanga, ikichanua, na maganda yakianza kugeuka manjano. Mmea wenye majani ya batobato yaliyojikunja kuelekea chini aung'oe, autoe nje ya shamba. Vivyo hivyo mmea wenye maganda yenye vidonda vyeusi vilivyobonyea, ambavyo ni chule, au majani yenye madoa kama ya maji yaliyozungukwa na umanjano. Magonjwa hayo matatu husafiri ndani ya mbegu, nayo mbegu moja mbovu itawaambukiza majirani zake shambani. Asihofu aina yake kuchanganyika sana, kwa kuwa ua la harage kwa kawaida hujichavusha lenyewe na mtoto hufanana na mzazi. Punje ngeni nyingi huingia kwenye gunia na kwenye uwanja wa kupuria.

Maganda mengi yakishakauka na majani kupukutika, usingoje. Harage likikawia shambani, fukusi jike huja kutaga mayai kwenye maganda yaliyopasuka, nawe utayabeba mpaka nyumbani bila kujua. Ng'oa asubuhi, umande ukingali unalainisha maganda yasipasuke, kisha uyaanike juu ya mkeka au turubai, kamwe si juu ya udongo mtupu. Katika kupura ndipo naona haraka ya zama hizi ikiharibu zaidi. Maharage ya kula yanaweza kuvumilia fimbo nzito, mbegu haivumilii. Kipigo hupasua ngozi au huvunja kichipukizi kilichofichwa kati ya vipande viwili vya punje, na mche utakaotoka utakuwa kisiki kisicho na majani. Kilo 20 zinamenywa kwa mikono na watu wa nyumba moja wakizungumza jioni kadhaa. Tulifanya hivyo kila mwaka baada ya kutwa nzima ya jembe, na hatukuona kwamba muda umepotea.

Baada ya kumenya, punje bado ina maji kuliko inavyoonekana. Itandaze juu ya mkeka, unene usiozidi vidole viwili, uigeuze mara kwa mara, na jua la adhuhuri likiwaka sana uivute kivulini penye upepo. Juu ya bati au nailoni nyeusi joto huua kichipukizi na ngozi hupasuka. Sisi tulipima kwa jino: likiacha alama, anika tena, punje ikivunjika kwa mlio, imekauka. Kuna kipimo cha chumvi kilicho bora zaidi. Kausha chumvi vijiko vichache kwenye kikaango, iache ipoe, itie katika chupa kavu ya kioo pamoja na konzi ya maharage, utikise, kisha usubiri dakika 15. Chumvi ikigandia kioo, unyevu umezidi asilimia 15, nayo haifai kufungiwa. Unataka 12 au 13. Lakini usiikaushe bila kikomo, kwani punje iliyokauka kupita kiasi hupasuka kirahisi, na nyingine huwa ngumu hata hazinywi maji udongoni.

Iache ipoe usiku kucha, uchambue kila iliyosinyaa, iliyopasuka au yenye doa, ndipo uhifadhi. Sisi tulichanganya na jivu la kuni lililochekechwa, kiasi karibu sawa na maharage, likajaza nafasi ambamo fukusi angetembea na kutaga. Kibuyu kikakaa darini juu ya moshi. Leo kuna mifuko ya PICS yenye tabaka tatu, na dumu safi lenye kifuniko kinachobana hufanya kazi ile ile: wadudu humaliza hewa iliyomo, wakafa. La lita 20 hupokea kama kilo 15 likijazwa mpaka shingoni. Hapa nakiri bila kinyongo kwamba chombo cha vijana kinashinda kibuyu chetu, maadamu mbegu ni kavu. Ikiwa mbichi, itaoza humo upesi kuliko katika gunia la katani.

Wiki tatu kabla ya kupanda, chukua punje 100 bila kuchagua, zifunge katika kitambaa chenye unyevu, uhesabu siku ya saba. Zikiota 80 na zaidi, panda kwa kiasi kile kile. Zikiwa 70, ongeza kilo tatu au nne katika ile nusu ekari. Zikiwa chini ya 60, tafuta mbegu nyingine. Kisha, baada ya misimu mitatu au minne, hata aliyechagua kwa bidii zote atakuta batobato limeongezeka, maana virusi hukaa hata katika punje inayong'aa. Wakati huo nunua kilo mbili tu za mbegu iliyothibitishwa, kama zile zinazotokana na kazi ya watafiti wa Uyole, uzipande Machi mbali kidogo na shamba la zamani. Juni zitakupa kilo 20 za kuanza upya.