Aya ya Kuosha Maiti, na Namna Tulivyoigeuza Kuwa Hatua

Katika daftari la msikiti wetu hapa Bugomora, wilayani Kyerwa, imo aya moja aliyoiandika mwalimu wetu wa zamani kueleza namna ya kuosha maiti. Tunainukuu kama ilivyo:

"Maiti huoshwa kwa maji ya mkunazi, kisha ya kumsuuza, kisha maji safi, na ya mwisho hutiwa kafuri kidogo, mara tatu, kwa kuanza kichwa na upande wa kulia, baada ya kutawadhishwa, na kabla yake tumbo hukandwa polepole na kusafishwa kitokacho kwa kitambaa cha mkononi, naye muda wote awe amesitiriwa, wanaume waoshe wanaume na wanawake wanawake isipokuwa mume na mkewe, na aliyefia katika ihramu hatiwi kafuri, na mwenye maradhi ya kuambukiza asiguswe mpaka waganga waseme."

Kifiqhi aya hii haina kasoro. Mwalimu aliwaandikia wanafunzi waliokwisha kusimama naye penye kitanda cha kuoshea, nao walihitaji kukumbushwa tu. Taabu ilikuja usiku mmoja wa mvua, alipofariki mama mmoja wa jirani, na waoshaji wetu wakongwe wa kike wote wawili walikuwa safarini. Mabinti watatu walijitolea. Mmoja alisoma nyuma ya pazia, wawili wakatenda. Kila alichokitamka kwanza ndicho kilichotendwa kwanza: ndoo ya mkunazi ikatayarishwa, kafuri ikatiwa mapema, kichwa kikaoshwa, na ndipo msomaji akafika penye "kabla yake tumbo hukandwa". Ikabidi waanze upya, nao wanalia.

Kamati ilipokutana, tuliombwa sisi wa ofisi ya katibu tuiandike upya aya ile. Hatukuanza kwa kuweka namba. Anayekata sentensi vipande na kuvipa namba kwa mpangilio uleule huwa ameyapanga makosa tu. Tulichukua vipande vya karatasi, tukaandika kitendo kimoja kwa kila kipande, kisha tukajiuliza juu ya kila kimoja: ni kipi lazima kiwe kimekwisha kufanyika ndipo hiki kiwezekane? Maneno "baada ya" na "kabla yake" ndiyo yaliyotuongoza, kwa kuwa kila yalipo, kinachotajwa mwisho hutendwa mwanzo. Kukanda tumbo kulipanda juu ya udhu, na udhu ukapanda juu ya kuosha kichwa.

Baadhi ya vipande vilikataa kuwa hatua. "Muda wote awe amesitiriwa" hakuna saa yake. Kukipewa namba 4, msomaji atadhani kufikia namba 5 sitara imekwisha kazi. Tukakiweka juu ya orodha, peke yake. Sentensi ya maradhi ya kuambukiza nayo, iliyokuwa mkiani kabisa, tuliitoa huko na kuiweka ya kwanza. Sisi wa Kagera hatuhitaji kuelezwa sababu: mwezi Machi 2023 ilitangazwa Marburg mkoani kwetu, na Januari 2025 ikathibitishwa tena wilayani Biharamulo. Maradhi yale huambukiza kwa majimaji ya mwili, na mwili wa marehemu huendelea kuambukiza. Onyo linalosomwa baada ya mikono kulowa limechelewa.

Kisha kulikuwa na maneno "mara tatu". Mara tatu za nini? Mmoja wetu alisoma kuwa maji ya mkunazi, ya kusuuza na ya kafuri ndiyo hizo tatu. Mwingine akasema mzunguko wote hurudiwa. Jambo kama hili halikatwi na mwandishi kwa kukisia. Tulimwendea sheikh, naye akatufafanulia kwa madhehebu yetu ya Shafii: maji ya mkunazi na yale ya kuuondoa hayahesabiwi, kinachohesabiwa ni maji safi yanayoenea mwili mzima. Mara moja ni wajibu, tatu ni sunna. Kafuri nayo iwe kidogo, isiyageuze maji.

Hivi ndivyo ilivyotoka:

Kwanza kabisa: ikiwa marehemu alikuwa na maradhi ya kuambukiza, au yanashukiwa, usimguse. Itwe zahanati.
Muda wote: kitovu hadi magoti kifunikwe. Wanaume waoshe wanaume, wanawake wanawake. Mume na mke waweza kuoshana.

1. Weka karibu: ndoo za maji, kopo, mkunazi au sabuni, kafuri, vitambaa vya mkononi, glavu, taulo.
2. Mlaze juu ya kitanda, mvue nguo chini ya shuka.
3. Mwinue mabega kidogo, mwegemeze, kanda tumbo polepole.
4. Zungusha kitambaa mkono wa kushoto, safisha tupu chini ya shuka. Ondoa najisi yote.* Tupa kitambaa.
5. Kwa kitambaa kipya safisha meno na pua, kisha mtawadhishe.
6. Osha kwa maji ya mkunazi: kichwa, kisha mbele kulia, mbele kushoto. Mgeuze ubavu, osha mgongo kulia, halafu kushoto.
7. Msuuze mpaka mkunazi uishe.
8. Mimina maji safi mwili mzima.* Hesabu: moja.
9. Rudia 6 hadi 8 mpaka hesabu ifike tatu. Ikiwa si mtu wa ihramu, tia kafuri kidogo katika maji safi ya mwisho.
10. Mkaushe. Kikitoka kitu, kiondoe na upasafishe, usianze upya.

Tazama hatua ya 9: sharti la ihramu limetangulia kitendo. Lingekuja nyuma, kafuri ingekuwa imekwisha kutiwa. Mkunazi haupatikani kwetu kila siku, ndiyo maana sabuni imetajwa papo hapo.

Kuinua mabega, pamoja na kuanza mbele kisha mgongo, hakumo katika aya ya mwalimu. Tulikugundua kwa majaribio. Tulimpa karatasi ya kwanza binti ambaye hajaosha maiti maishani, tukamwekea godoro lililokunjwa mezani, mama mmoja mwoshaji akakaa pembeni akiwa ameombwa asiseme neno. Alipofika penye kukanda tumbo, yule mama hakuvumilia: "Mwanangu, utamkandaje naye amelala bapa?" Mwalimu hakuliandika kwa kuwa mikono yake ililijua. Aliye hodari huacha kuandika kile ambacho kwake si jambo tena, na hakuna kukaa mezani na kalamu kutakakokionyesha. Mpaka asiyejua ajaribu, na anayejua atazame.

Namba zina udhaifu wake pia. Zinafanya kila jambo lionekane sawa kwa uzito, na aliye na ndoo moja ya maji wakati wa kiangazi atahangaika na hatua ya 5 kama vile anavyohangaika na ya 8. Ndiyo maana ya vile vinyota viwili: maji yakipungua, hayo mawili hayaachwi, na mengine huachwa bila hofu.

Tangu hapo karatasi imetumika mara kadhaa. Msomaji hutaja namba, waoshaji hujibu "tayari", ndipo husomwa inayofuata. Akikatizwa na kilio, anajua alipofika. Imefunikwa kwa nailoni, imetundikwa stoo juu ya kitanda. Sanda tumeipa karatasi yake, maana ya mwanamume ni nguo tatu na ya mwanamke tano, na tulipojaribu kuzichanganya katika orodha moja, "ikiwa" zilizidi hatua zenyewe. Bado sheikh anaipitia.